Usiihukumu Debian kwa namba ya toleo

Ndugu mwandishi, katika makala yako umezieleza vizuri koo za Linux za Debian, Red Hat na Arch, lakini kinachomchanganya anayeanza si tofauti ya .deb na .rpm. Ni namba ya toleo. Julai 2024 ilitangazwa hitilafu kubwa ya usalama katika OpenSSH, na toleo 9.8p1 likaja na tiba. Arch, ambayo husasishwa mfululizo, ikahamia toleo hilo zima. Debian 12 ilibaki na 9.2p1, ikatia kiraka tu, na mkia wa namba ukasomeka deb12u3. Mgeni akiona 9.2p1 hudhani mashine yake iko wazi kwa wezi, akachota kifurushi cha Ubuntu na kuvuruga mfumo. Atazame mkia kwanza, uwe u3 au zaidi:

```
apt policy openssh-server
```

Mimi ningemwanzisha na Debian, kwa kuwa alichojifunza leo hakitabadilika ghafla wiki ijayo. Arch ingoje. Kule, ukisakinisha programu kwa `pacman -Sy` badala ya `pacman -Syu`, programu hiyo huja mpya huku maktaba zake zikibaki za zamani, nayo inaweza kugoma kufunguka.