Unesi wangu haukuwa dhamana



Maombi ya michango ya matibabu yananifikia karibu kila wiki, na mengi yana aya ile ile ya kujieleza: nimezaliwa kijijini, nimekulia katika dhiki, ni mcha Mungu, nina watoto watatu. Sibezi dhiki ya mtu. Ninachosema ni kwamba aya hiyo haimsaidii mtu asiyekujua. Yeye haulizi kama wewe ni mwema. Anauliza pesa yake itapita mikononi mwa nani, na akitaka kuhakikisha, amuulize nani.

Hili nilijifunza kwa aibu. Mwaka 2022 mjomba wangu aliyekuwa Mwanza figo zilishindwa kazi, na bima hakuwa nayo. Nikafungua ukurasa wa GoFundMe hapa Uingereza, kwani mtandao ule haupeleki pesa kwenye akaunti ya benki ya Tanzania. Matatizo yanaanzia hapo hapo: anayeomba yuko Reading, mgonjwa yuko Mwanza, mchangiaji yuko Muscat au Minneapolis. Niliandika kwamba mimi ni nesi mwenye shahada, na kwamba tunahitaji pauni 6,000 ili mjomba apone. Siku kumi zikapita, waliochanga ni ndugu na wafanyakazi wenzangu tu. Ndipo bwana mmoja nisiyemfahamu akaniandikia: "Dada, unesi wako unahusiana nini na pesa zetu?"

Nilikasirika. Baadaye nikaona ana haki. Tena nesi mzima nilikuwa nimeandika uongo bila kukusudia, maana kusafishwa damu kwa mashine hakuponyi figo. Kunafanya kazi ya figo kwa muda, saa nne kila awamu, mara tatu kwa wiki, na ukiacha, maji na sumu hurudi mwilini. Kwa hiyo hakuna "kiasi cha kupona". Kuna bei ya awamu moja, basi.

Nikaomba ankara. Hospitali ilikuwa inatoza shilingi 200,000 kwa awamu. Wiki 13 ni awamu 39, yaani shilingi 7,800,000, ambazo wakati ule hazikufika hata pauni 2,800. Zile 6,000 nilizitoa kichwani. Nikashusha lengo, nikaandika upya maelezo yangu hivi:

"Mimi ni mtoto wa dada yake mgonjwa, naishi Reading. Pesa zinaingia kwangu, kila Jumapili namtumia binamu yangu anayemuuguza, naye analipa hospitali kwa namba ya kumbukumbu ya malipo yenye jina la mgonjwa. Kila stakabadhi nitaiweka hapa. Katibu wa msikiti wa mtaani kwao anaifahamu familia na amekubali kuulizwa; ukitaka namba yake niandikie. Mgonjwa akifariki kabla pesa hazijaisha, nitatangaza kilichobaki, na wachangiaji ndio watakaoamua."

Hakuna neno la unesi humo. Picha ya mjomba akiwa na mpira shingoni niliiondoa pia, kwa sababu sikuwa nimemwomba ruhusa. Kwenye stakabadhi niliacha jina, tarehe na kiasi, nikafunika namba ya faili.

Sentensi ya mwisho ndiyo iliyoleta vita. Mama mdogo alinipigia akilia: "Unamchuria kaka yangu angali hai!" Nilimwelewa, kwetu kifo cha mgonjwa hakitajwi. Lakini wageni walinitajia sentensi ile ile kuwa ndiyo iliyowafanya wachange, kwani ilionyesha kuwa nimefikiria siku ambayo pesa itabaki na mwenyewe hayupo. Mjomba mwenyewe, nilipomsomea, alicheka na kusema niiache.

Zilipatikana awamu 33. Tulikataa kulipa zote kwa mkupuo, ingawa binamu alichoka kwenda dirishani kila mara, kwa sababu pesa ikishaingia hospitali kuirudisha ni safari nyingine. Mjomba alifariki baada ya awamu ya 25. Zilibaki awamu nane, shilingi 1,600,000.

Wiki ile ukoo uliniomba pesa hizo kwa ajili ya msiba: turubai, mchele, usafiri wa wazee. Haja ilikuwa ya kweli kabisa. Nilikataa, nikatuma za kwangu kiasi nilichoweza, na wajomba wawili hawajaniamkia vizuri tangu siku hiyo. Wachangiaji niliwaandikia kiasi kilichobaki. Wachache waliomba kurudishiwa na nikawarudishia. Wengine walisema apewe mama aliyekuwa akisafishwa damu kitanda cha jirani na mjomba. Stakabadhi zake nazo niliziweka, ya mwisho ikiwa ya awamu ya sita.

Wapo watakaosema nimewakosea ndugu zangu kwa ajili ya watu nisiowajua. Hoja hiyo naisikia hadi leo nyumbani. Nipo tayari kuijadili.

Naomba kuwasilisha.