Acheni Kusifu Nguo, Msifuni Aliyezivaa

Ndugu zangu, tumekuwa watu wa "umependeza". Mtu akiingia ukumbini kwenye harusi, umependeza. Akitoka msikitini Ijumaa au kanisani Jumapili, umependeza. Akiweka picha yake kwenye simu, watu 50 wanamwandikia neno hilo hilo, na anayefuata analirudia na kwenda zake. Mama aliyewalea watoto wa marehemu dada yake hadi wakamaliza shule, bila kumlalamikia mtu, hatumwoni mpaka siku anapovaa gauni jipya. Na siku hiyo tunachokiona ni gauni! Wahenga walituonya kwamba uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Walituambia pia usione vyaelea, vimeundwa. Sisi tunasifu rangi ya jahazi, na aliyekesha akilitia kalafati hatumkumbuki.

Sina ugomvi na kuvaa vizuri. Unadhifu ni jambo jema na dini zetu zinautaka. Lakini anayesifu gauni amemsifu fundi aliyelishona. Kinachostahili kusifiwa kwa mtu mwenyewe ni jambo alilolifanya ilhali angeweza kuliacha na asilaumiwe na yeyote.

Najua nitakachojibiwa. Nitaambiwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hii imekuwa kichaka cha mabahili wa ulimi. Mwenye kazi anakaa na mtu miaka na miaka, kila kosa lake analitaja mbele za watu, na jema lake analimeza, akiulizwa anataja mgema. Mgema yule aliharibiwa na makelele: tembo tamu, tembo tamu, basi! Laiti angetokea mtu mmoja akamwambia, "Tembo lako halina uchachu kwa sababu unaosha vibuyu kila siku na unapanda mnazi alfajiri," angejua kwamba vibuyu vyake vinatazamwa, na siku ya kutia maji angeona haya. Sifa inayotaja kazi haimlevyi mtu. Inamkumbusha alichokifanya mpaka akasifiwa.

Tunaye wa kumfuata katika hili. Ujumbe wa kabila la Abdul-Qais ulipofika Madina kutoka upande wa Bahrain, wengi wao walikimbilia kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, kwa shauku ya kumwona. Mkubwa wao, aliyejulikana kwa jina la Ashaji, hakukimbia. Alibaki nyuma akakusanya mizigo, akafunga ngamia, akavaa nguo zake nzuri, ndipo akaja. Tazameni basi: mtu amekuja na nguo nzuri, na Mtume hakumsifu nguo. Alimwambia kwamba anazo tabia mbili anazozipenda Mwenyezi Mungu, upole na kutokuwa na pupa. Mbili tu, na zote mbili zimeonekana katika alichokifanya muda mfupi uliopita. Na Mtume huyo huyo, alipomsikia mtu akimmwagia mwenzake sifa, alimkemea kwamba amemkata mwenzake shingo. Akaelekeza kwamba mwenye kulazimika kusifu aseme anavyomdhania mwenzake, na hesabu aiache kwa Mungu. Hapa pana mizani kamili: sema ulichokiona, usiseme usichokijua.

Sasa tuje mtaani kwetu. Fundi cherehani umempelekea kitambaa, amekushonea, na ulipokwenda kuchukua nguo amekupa na kipande kilichobaki, amekikunja vizuri, wala hukumwuliza. Wengi wetu tutasema, "Fundi, wewe ni hodari sana, hakuna kama wewe mji huu," maneno ambayo jana tulimwambia kinyozi na kesho tutamwambia dereva wa daladala. Fundi anacheka, anasema ahsante, na hayamwingii moyoni, kwa kuwa anajua ni ya kila mtu. Basi siku ukipita kibarazani kwake na hana wateja wengi, mwambie hivi: "Fundi, kile kitambaa ulichonirudishia bila kukuuliza, nimemshonea mwanangu kaptula. Ungekaa nacho nisingejua." Hayo tu. Umetaja jambo lenyewe, umeonyesha limekufaa wapi, na umemwonyesha kwamba uaminifu wake umeonekana pale alipodhani hakuna anayeona. Sifa hiyo huwezi kuipeleka kwa fundi mwingine, na hapo ndipo utajua kwamba ni ya kweli. Jaribio lake ni jepesi: chukua maneno uliyokusudia kusema, mbandike mtu mwingine. Yakimkaa na huyo mwingine, yaache.

Wala usiyakariri njiani. Likumbuke tukio, maneno yatakuja yenyewe. Ukisitasita kidogo ni heri kuliko kutiririka kama anayesoma kadi za salamu redioni. Ukishasema, nyamaza. Kwa adabu zetu atakujibu, "Ah, kawaida tu," au atamshukuru Mungu. Mwache. Usimshike mkono na kurudia mara tatu hadi aone haya. Usiongeze "lakini", kwa kuwa neno hilo likifuata sifa, mtu husahau sifa na kulala na hilo la pili. Usimlinganishe na mwenzake: "wewe si kama yule jirani yako" ni kusengenya kulikovikwa kanzu. Na tafadhali sana, usimsifu mtu kisha ukamwomba mkopo! Hao ndio wanaoziharibu sifa mjini, mpaka mtu mwema akisifiwa tu anashika mfuko wake.

Yako mambo ya kuchunga. Mtoto wa mtu, hata ukisifu tabia yake, tanguliza mashaallah, maana mama zetu wanaogopa kijicho na hofu yao tuiheshimu. Mtu mwenye haya msifu mkiwa wawili. Lakini kijana anayedharauliwa kwao, huyu msifu mbele ya baba yake, kwa jambo moja ulilolishuhudia. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Na kama hujaona kitu, usitunge. Muulize mtu habari za kazi yake, sikiliza, subiri siku nyingine. Akina mama wa vikundi vya kufa na kuzikana wanalijua hili kuliko sisi wanaume: watakwambia nani alikaa na mgonjwa usiku, nani aliosha masufuria watu walipokwisha kuondoka. Wana macho, Mungu awabariki.

Na nikishataja mazishi siwezi kupita kimya. Risala za marehemu tunazosoma siku hizi ni aibu. Kila marehemu alikuwa mcheshi, mchapakazi, mpenda watu, na pengo lake halitazibika. Jina ndilo linalobadilika kwenye karatasi. Mzee aliyesuluhisha ugomvi wa mashamba ya mtaa mzima kwa kupima mipaka kwa miguu yake mwenyewe, asichukue hata senti, anazikwa na maneno ya mtu mwingine, na wajukuu wanarudi nyumbani hawajui babu yao alikuwa nani. Tena wasemaji ni wale wale walioishi naye jirani na hawakumwambia neno! Masikio yake yalikuwa wazi miaka yote hiyo, ninyi mlingoja nini?

Nanyi wasomaji wangu, hamkosi wa kumwambia. Yuko mwalimu aliyemfundisha mwanao kusoma baada ya saa za shule na asikudai kitu. Yuko jirani anayefagia hadi upande wako. Nendeni kwao wiki hii, waambieni walichokifanya, kisha muage.