Neno la Kumkaribisha Mgeni Ukumbini

Mwalimu mmoja kijana wa Beni ametuletea karatasi yake. Amechaguliwa kuwakaribisha watu 120 watakaokutana siku moja kwa mashauri ya kilimo cha kakao. Wengine watatoka Butembo, wengine Oicha na Mangina, na wachache watavuka mpaka wa Kasindi kutoka Uganda. Atuuliza kama maneno yake yafaa.

Tuliyasoma kwa sauti, saa mkononi. Yalichukua dakika sita, nasi tulihesabu humo makatazo tisa: simu zifungwe, chakula kisiingizwe, viti visihamishwe, na mengineyo. Yote yalikuwa kweli. Lakini asikiaye la tisa amekwisha kusahau la pili, tena ajiona kama mtoto aliyeitwa mbele ya mkubwa wa shule.

Kosa halikuwa wingi wa mambo tu, bali mpango wake. Kijana wetu aliyapanga kama mwenye nyumba ayaonavyo: kwanza milango, kisha vyoo, kisha meza. Mgeni hayaoni hivyo. Yeye atapita katika siku, saa baada ya saa, naye ataka kujua jambo pale atakapolihitaji. Basi tulimshauri aisimulie siku yenyewe, tangu asubuhi hata mwisho, na kila agizo alitie mahali pake. Choo kitajwe pamoja na mapumziko, na simu pamoja na msemaji wa kwanza. Habari ya chakula ukumbini aitoe kabisa. Mtu asimame mlangoni, amwambie kwa upole yule mmoja ajaye na sahani.

Saa nazo zina shida ya kwetu. Beni yafuata saa ya Lubumbashi, na Uganda imetangulia kwa saa moja. Ikiwa saa tatu Beni, Kasese ni saa nne. Tena aliyezoea kuhesabu kwa Kifaransa akisikia «saa nane» bila neno jingine, aweza kudhani ni asubuhi. Kwa hiyo aongeze «za mchana», shida imekwisha.

Haya ndiyo maneno tuliyomwandikia:

«Karibuni, ndugu zetu. Wengine mmeamka usiku ili mfike hapa, nasi twawashukuru. Sasa ni saa tatu za asubuhi kwa saa ya Beni. Ndugu wa Uganda, rudisheni saa zenu nyuma kwa saa moja, tupate kula pamoja. Tutaanza na habari za kuchachusha kakao, na ili msemaji asikatizwe, tunyamazishe simu sasa. Yangu hii nainyamazisha. Saa tano tutakunywa chai nyuma ya ukumbi. Vyoo viko njia hiyo hiyo, na maji ya kunawa yako mlangoni pake. Saa saba tutakula, na saa nane za mchana tutarudi hapa. Saa tisa kamili tutafunga, hata maneno yasipokwisha, ili wa Oicha wafike kwao jua lingalipo. Likitokea jambo la kututoa nje upesi, mlango huu hautiwi kufuli siku nzima. Mwenye swali amwone dada yule mwenye kitambaa cha kijani. Karibuni, tuanze.»

Kwa mwendo wa pole, hayo ni kama dakika moja na nusu. Akiisha kusema, arudie kwa Kinande zile saa na ule mlango tu. Akifasiri yote, watu watachoka kabla ya kuanza.

Karatasi yake ya kwanza ilisema «mlango wa kushoto». Kushoto kwa nani? Yeye awaelekea watu, na kushoto kwake ni kuume kwao. Tumeandika «mlango huu», na pembeni tumetia alama ya kumkumbusha anyoshe mkono. Asubuhi ile auvute mlango huo mwenyewe, aone kama wafunguka kweli.

Kuhusu maji ya kunawa, twakumbuka siku za Ebola, tangu Agosti 2018 hata Juni 2020, ndoo zilipowekwa milangoni. Aliyeambiwa «Nawa!» aliingia amekunja uso, aliyeambiwa «Maji haya hapa, mama» alinawa, akaketi. Ndiyo sababu katika maneno yetu maji yatajwa mahali yalipo, pasipo amri.

Saa ya chai kijana asimame karibu na yule dada, asikilize. Watu wengi wakiuliza njia ya choo, maneno hayakueleweka, nayo yasemwe tena kabla ya chakula.

Na wakichelewa kuanza? Twajua watachelewa. Ashike kalamu, apunguze chai au kipindi cha mazungumzo, kisha atangaze saa mpya. Ile saa tisa asiiguse. Oicha ni kilometa 30 hivi, giza huingia yapata saa kumi na mbili, na barabara ile hakuna atakaye kuwa juu yake usiku.