Mteja Asome Modeli Kabla Kichwa Hakijakatwa

Sisi tunaona kosa la wauzaji wengi wa mtandaoni haliko kwenye picha wala bei. Liko kwenye ule mstari mmoja wa juu, kichwa cha bidhaa. Hapo ndipo mtu anaweka sifa zote halafu jina la kitu chenyewe linakosa nafasi.

Tuchukue mfano wa Loitokitok, kwa sababu huku mkulima wa nyanya na vitunguu upande wa Kimana hawezi kukaa bila pampu ya maji. Tuseme una duka Kitengela, unataka kumuuzia pampu, na umeandika hivi:

```
PAMPU MPYA KALI SANA BEI POA KWA MKULIMA OFA OFA INAPATIKANA LOITOKITOK HONDA WB30XT INCHI 3
```

Hesabu pamoja na nafasi kati ya maneno: ni herufi 92. Kila soko la mtandaoni lina kikomo chake. eBay, kwa mfano, wanaruhusu 80. Ukikata hapo, kichwa chako kinaishia kwenye "HONDA WB". Sasa WB gani? Honda wana WB20XT ya inchi 2 na WB30XT ya inchi 3. Mkulima aliye na mipira ya inchi 2 nyumbani anaona Honda, anaona bei, anatuma pesa. Pampu inapakiwa kwenye matatu, inapita Emali, inafika, na mpira hauingii. Hapo ndipo simu za "nirudishieni pesa yangu" zinaanza, na nauli ya kurudisha mzigo hakuna anayetaka kuilipa.

Na hata soko likikubali herufi zote 92, skrini ya simu huenda isikubali. Kwenye orodha ya matokeo, kichwa kirefu hukatwa na kumaliziwa na vidoti, mara nyingi mapema sana kuliko kikomo rasmi. Kwa hivyo usiandike hadi kikomo kijae. Andika ukijua kwamba mkia unaweza kupotea:

```
Honda WB30XT Pampu ya Maji Inchi 3, Petroli, Mpya - Loitokitok
```

Hii ni 62. Chapa, modeli, aina ya kitu na ile sifa inayoamua ununuzi, yaani inchi 3, zote zimeisha kwenye herufi ya 34. Kikatwe popote baada ya hapo, mteja bado anajua anachonunua. Tumeacha "pampu ya maji" karibu na mwanzo kwa makusudi, kwa sababu kuna anayetafuta kwa jina la modeli na kuna anayeandika tu pampu. "Bei poa" tumeitoa kabisa. Bei iko pale chini, aisome mwenyewe aamue kama ni poa.

Swali gumu ni sifa ipi iwe kuu. Kwetu sisi ni ile ambayo ikikosewa, kitu hakitumiki. Kwa pampu ni kipenyo cha mdomo. Kwa chaja ni aina ya pini. Rangi inaweza kungoja kwenye maelezo, isipokuwa unauza shuka au nguo.

Kuna ujanja mmoja ambao hatuupendi hata kidogo. GX160 ni jina la injini ya Honda, si la pampu. Muuzaji ana pampu ya kampuni nyingine iliyofungwa injini hiyo, au injini inayofanana nayo tu, halafu anaandika "Honda GX160 Pampu". Mteja akifungua boksi anaona jina lingine kwenye pampu, na ana haki ya kukasirika. Kama pampu yako ina jina lisilojulikana, andika hilo hilo jina. Kama haina jina, anza na "Pampu ya Maji Inchi 3" na uiache hivyo. Kuazima chapa ya mwenyewe ni kumdanganya anayelipa.

Halafu zile emoji za moto. Kama unatumia kichwa hicho hicho kwenye SMS kwa wateja wako, kumbuka SMS moja ya herufi za kawaida hubeba 160. Ukitia emoji hata moja, kikomo cha ujumbe mzima kinashuka hadi 70. Ile ya kwanza ya 92 ingeenda kama SMS moja. Ikiwa na kamoto kamoja mwishoni inaenda kama mbili, na unalipia mbili kwa kila mteja. Ile ya 62 ukiiongezea bei peke yake, bila emoji, ina nafasi tele, hata nambari ya malipo inaingia.

Kabla ya kuposti, mtumie mtu wa nyumbani herufi 35 za kwanza tu, bila picha. Muulize ni kitu gani na ni cha ukubwa gani. Akiuliza "ya inchi ngapi?", kipange upya.