Tusikihukumu King'amuzi kwa Kosa la Adapta

Yako mazoea yaliyokita mizizi miongoni mwa mafundi na wauza vyombo vya umeme, nayo yafaa yakosolewe hadharani. King'amuzi cha televisheni kikianza kujizima na kujiwasha chenyewe, fundi huchukua voltimita, hupima adapta yake, huona volti 12, kisha hutamka: "Adapta ni nzima, king'amuzi kimekufa." Mwenye mali hurudi nyumbani akijua kwamba sharti anunue kingine. Maoni yangu ni kwamba hukumu hiyo mara nyingi si ya haki, kwa sababu shahidi aliyetegemewa hakuulizwa swali lililostahili.

Tangu Tanzania ilipoanza kuzima mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, king'amuzi kimekuwa chombo cha lazima kwa mwenye televisheni. Jirani yangu mmoja hapa Rubwera, mzee mkulima wa kahawa, alikuwa na king'amuzi cha namna hiyo. Kila asubuhi yenye ubaridi kilikuwa kikiwaka, kinaonyesha picha ya mwanzo, kinazimika, kisha kinaanza upya. Hali hiyo ilijirudia mara tano au sita mpaka kikatulia. Jioni kilifanya kazi vizuri, lakini mara chache kilizimika ghafla katikati ya habari. Fundi alipima adapta, akaona volti 12.1, akamshauri mzee atenge fedha za kahawa kwa ajili ya kununua kipya.

Mzee alinijia kuniuliza. Nilimwomba jambo moja tu: tupate betri ya pikipiki ya volti 12 iliyochajiwa vema. Tuliiondoa kwenye pikipiki, maana injini inapozunguka umeme wa kuchaji hupanda hadi volti 14 na zaidi, nao waweza kuharibu chombo. Tulisoma maandishi ya king'amuzi kuhakikisha kwamba kinahitaji volti 12 na kwamba chanya ni pini ya katikati. Tukaunganisha kwa waya wenye fyuzi ya ampea 2, betri yenyewe ikiwa na volti 12.6. Asubuhi ya kesho yake, katika ubaridi ule ule, king'amuzi kiliwaka mara moja na hakikuzimika hata mara moja. Tulirudia jaribio hilo asubuhi tatu. Kila tulipokirudishia adapta yake, ugonjwa ulirudi.

Kwa nini betri ilitoboa siri ambayo voltimita iliificha? Adapta za siku hizi hazitumii tu transfoma kubwa kama za zamani. Ndani yake umeme wa njia hukatwakatwa makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, hupitishwa kwenye transfoma ndogo, kisha hutoka kwa misukumo. Kazi ya kulainisha misukumo hiyo ni ya kapasita za mlango wa kutokea, vile vidude vya mviringo vyenye maji maalumu ndani. Kapasita ni mfano wa pipa: hupokea maji yanayomiminwa kwa vikombe, nalo hutoa mtiririko usiokatika.

Kapasita inapozeeka, maji yake hupungua na ukinzani wake wa ndani huongezeka. Tuchukue msukumo wa ampea 4. Kapasita yenye ukinzani wa omu 0.05 huruhusu mtikisiko wa volti 0.2 tu. Ukinzani ukifikia omu 0.5, mtikisiko huwa volti 2. Wakati huo wastani wa umeme unaweza kubaki karibu na volti 12, kwa kuwa adapta hujirekebisha kwa kuufuata wastani huo. Voltimita nayo hupima wastani. Ni sawa na kusema kwamba jamaa fulani alikula vizuri kwa wastani wa juma zima, ilhali siku moja alilala na njaa. Ndani ya king'amuzi mna mlinzi anayefuatilia umeme. Anapoona umeshuka chini ya kiwango, hata kwa muda mfupi mno, huamuru chombo kianze upya. Ndiyo maana matukio huonekana ya kubahatisha: chombo huanguka pale ambapo bonde la mtikisiko linakutana na dakika ambayo kazi ni nzito zaidi.

Asubuhi nazo zina maelezo yake. Maji ya kapasita yakiwa baridi huwa mazito, na ukinzani hupanda. Adapta ikishapata joto, ukinzani hushuka na king'amuzi hutulia. Dalili ya kusumbua kukiwa baridi na kupona kukiwa na joto ni ushahidi wenye nguvu dhidi ya kapasita. Aidha, fundi alipima adapta ikiwa mikono mitupu, bila kubebeshwa chombo. Misukumo huwa midogo isipobeba mzigo, na hata mgonjwa huonekana mzima. Wala mkondo geu wa voltimita ya bei nafuu hausaidii sana hapa, kwani vipimo hivyo vimetengenezwa kwa ajili ya umeme wa njia wa mizunguko 50 kwa sekunde, na mtikisiko wa adapta huenda kasi mno.

Fundi mwenye ujuzi alipoifungua adapta ya mzee, alikuta kapasita mbili za mikrofaradi 1000. Moja ilikuwa imevimba kichwani. Kipimo cha kapasita kilionyesha kwamba ile iliyovimba imebakiwa na mikrofaradi 140, na ya pili 610. Alizibadilisha zote mbili kwa za kiasi kile kile, zenye kustahimili volti 25 na nyuzi 105 za joto, na ukinzani mdogo. Tangu siku hiyo asubuhi za mzee ni za amani. Sababu ya kuchakaa ilikuwa wazi: adapta ilikuwa imefunikwa kwa kitambaa cha kufuma pamoja na king'amuzi. Kanuni ijulikanayo ni kwamba kila joto linapoongezeka kwa nyuzi 10, maisha ya kapasita hupungua kwa nusu.

Lakini nisieleweke vibaya. Sisemi kila mwenye bisibisi afungue adapta. Kapasita ya upande wa umeme wa njia huwa na volti 300 na zaidi, na hubaki nazo hata baada ya kuchomolewa. Asiye na mafunzo ni afadhali anunue adapta mpya ya volti zile zile, ampea zisizopungua zile za zamani, na mpangilio ule ule wa chanya na hasi. Betri nayo si kadhi wa mwisho: king'amuzi kikiendelea kujizima hata juu ya betri nzuri, basi kosa limo ndani yake au katika plagi iliyolegea, na plagi hiyo ingefaa kutikiswa kwanza kabla ya yote.

Ninachodai ni kitu kimoja. Hakuna fundi apaswaye kutangaza kifo cha king'amuzi kabla hajakijaribu kwa betri au kwa adapta nyingine inayojulikana kuwa nzima, tena katika saa ile ile ambayo mwenyewe anasema kinasumbua. Jaribio hilo halihitaji zaidi ya betri, vipande viwili vya waya, fyuzi moja na subira ya asubuhi moja. Kumwambia mkulima atoe fedha za mavuno yake kabla ya kulifanya ni kumlipisha gharama ya uvivu wetu.