Si Nuksi, Wala Si Kosa la Mama

Chukua kisa cha mfano: mwanamke wa miaka 34, wachumba watatu, na wote kaachana nao. Mtaalamu wa tiba ya saikodinamiki humtungia maelezo ya kisa, yaani dhana ya kwa nini jambo lilelile humrudia. Madai manne husikika kila kazi hii inapotajwa.

“Anachagua wanaume wabaya.” Wachumba wake hawakufanana: mmoja mpole, mmoja mlevi, mmoja mchapakazi. Kilichofanana ni wakati. Kila posa ilipokaribia, alianza kukerwa na vitu vidogo, hata namna mwenzake anavyotafuna, na baada ya wiki chache mapenzi yakaisha. Kwa hiyo mtaalamu hauulizi moyo wake unapenda nani tu; anauliza unafunga mlango lini.

“Basi kosa ni la mama.” Mama yake alikwenda kufanya kazi Uarabuni binti akiwa na miaka minne, akarudi baada ya miaka mitano. Bibi alimlea vizuri, ila alimsifu kwa kutolia. Mtoto akajifunza kwamba anayehitaji watu kidogo ndiye anayependwa. Mary Ainsworth, aliyeanza kuchunguza mama na watoto wachanga nchini Uganda miaka ya 1950, baadaye alieleza watoto wanaompuuza mama anaporejea. Wanaonekana watulivu, lakini mapigo ya moyo yao hupanda. Huko kujiepusha ni njia ya kuishi, wala si hukumu ya maisha: uhusiano wa baadaye unaweza kuibadilisha.

“Kinga zake ni ukaidi, zivunjwe.” Mkaidi anajua anachofanya, huyu hajui. David Malan alipanga mambo haya katika pembetatu: hisia iliyofichwa, hofu inayoizuia, na kinga. Hapa hisia ni kiu ya kupendwa iliyochanganyika na hasira kwa aliyeondoka. Hofu ni kuachwa tena. Kinga ni kumshusha thamani mwenzake kabla hajaondoka, na kusimulia utoto wake akitabasamu kana kwamba ni wa mtu mwingine. Ukimvua kinga hiyo mapema, unamwachia hofu tupu, naye harudi tena. Mtaalamu huanza na hofu: “Naona tukigusa habari za mama, unatabasamu. Pengine ni salama zaidi hivyo?”

“Maelezo haya hayawezi kupimwa.” Yanatabiri. Mtaalamu akitangaza likizo ya wiki mbili, tunatarajia mgonjwa akose kikao kinachofuata na kutuma ujumbe kwamba ameshapona. Akija na kusema wazi kwamba likizo imemuudhi, dhana inahitaji kurekebishwa. Na ikigundulika kwamba wachumba walikuwa wakimpiga, kuondoka kwake hakukuwa kinga ya nafsi hata kidogo. Ilikuwa akili timamu, na kazi ya kwanza ni usalama wake. Ndiyo maana swali la kipigo huulizwa kabla ya lile la utoto.