Njia Ambayo Mwongozo Haukuitaja

Shule za kaunti ndogo kama Msambweni au Lungalunga zinapofanya mtihani wa majaribio wa Kidato cha Nne kwa pamoja, mwalimu wa hisabati hupokea bunda la karatasi za wanafunzi na mwongozo wa kusahihisha, ambao walimu wengi huuita makingi skimu. Mara nyingi mwongozo huo hubeba njia moja tu kwa kila swali, ile iliyomjia kwanza mtungaji. Mwanafunzi aliyefikia jibu lile lile kwa njia nyingine hubaki mikononi mwa mwalimu mmoja mwenye karatasi nyingi na muda mchache. Msimamo wangu ni kwamba njia yake ikiwa inasimama kihisabati, apewe maksi zote, hata kama mwongozo haukuitaja. Ugumu uko katika kujua kama inasimama, na jibu la mwisho peke yake halitoshi kutuambia.

Tuchukue swali la aina inayojulikana sana. Mkulima wa Msambweni ana waya wa mita 60. Anataka kuzungushia bustani ya mboga yenye umbo la mstatili, na upande mmoja tayari una ukuta, kwa hiyo waya unahitajika pande tatu tu. Bustani inaweza kuwa na eneo kubwa kiasi gani? Ukiuita upana x, urefu ni 60 − 2x, na eneo ni A = 60x − 2x².

Tuseme swali lina maksi nne. Mwongozo unatoa M1 kwa kuunda usemi huo, M1 nyingine kwa kutafuta difarensheni na kuandika 60 − 4x = 0, A1 kwa x = 15, na A1 kwa eneo la mita za mraba 450. M ni maksi ya njia na A ni maksi ya usahihi wa jibu. Kwa desturi A huitegemea M iliyo juu yake, na hapo ndipo hatari ilipo. Mwalimu akikosa kuiona difarensheni akanyima ile M ya pili, maksi zote mbili za jibu huanguka pamoja nayo. Mwanafunzi aliyepata 450 huondoka na maksi moja kati ya nne.

Sasa tuweke karatasi tatu mezani. Ya kwanza haina difarensheni. Mwanafunzi amekamilisha mraba, jambo linalofundishwa Kidato cha Tatu, akaandika A = 450 − 2(x − 15)². Kisha akaeleza kwamba mraba hauwezi kuwa hasi, kwa hiyo eneo haliwezi kupita 450, nalo hufikia hapo x ikiwa 15. Huyu anastahili nne kati ya nne. Ningesema zaidi: kazi yake imethibitisha jambo ambalo mwongozo wenyewe haukulithibitisha. Kuiweka difarensheni sawa na sifuri hukupa mahali ambapo mchoro wa usemi umelala. Bila hatua nyingine ya kuhakikisha, haikuambii kama hapo ni kilele au ni bonde. Karatasi hii imeonyesha kuwa ni kilele. Kuinyima M kwa sababu haifanani na mwongozo ni kumwadhibu mtoto aliyejua zaidi.

Karatasi ya pili ina jedwali. Mwanafunzi ameunda usemi ule ule, kisha amejaribu x = 5, 10, 15, 20 na 25, akapata 250, 400, 450, 400 na 250, kisha akaandika kwamba kubwa kuliko zote ni 450. Ya tatu ina jedwali hilo hilo, tarakimu kwa tarakimu, ila chini yake ameongeza sentensi: huu ni usemi wa kwadratiki, eneo ni 400 pale x ikiwa 10 na pale ikiwa 20, kwa hiyo mstari wa ulinganifu uko katikati, x = 15, na kilele kiko hapo.

Mwalimu mwenye haraka atazipa karatasi hizi mbili maksi sawa, ama zote nne ama moja moja. Mimi ningezitenganisha kabisa, na kipimo changu ni kubadilisha nambari moja ya swali. Waya ukiwa wa mita 50, A = 50x − 2x². Jedwali la hatua za tano tano sasa linatoa 200, 300, 300 na 200 kwa x kuanzia 5 hadi 20. Mwanafunzi wa pili angeandika 300 na angekosea, maana njia yake haioni kilichojificha kati ya nambari mbili alizojaribu. Wa tatu angetazama 300 zile mbili, angechukua katikati ya 10 na 15, angepata x = 12.5 na eneo la 312.5, ambalo ndilo jibu. Njia ya wa tatu inasimama nambari zikibadilika. Ile ya wa pili ilifanikiwa kwa sababu 15 iliangukia ndani ya jedwali.

Kwa hiyo wa tatu apewe nne. Wa pili ninampa moja, ya kuunda usemi, na najua inauma kuandika moja pembeni mwa jibu lililo sahihi. Lakini maksi ya njia ipo ili kulipia hoja, na hoja yake haikutufikisha kwenye kilele. Kosa hili naliona pia kuwa deni la mwalimu wake darasani: mtoto huyu alikuwa na ulinganifu wote mbele ya macho yake, lakini hakukuwa na mtu aliyewahi kumwambia kwamba kuutamka ni sehemu ya hesabu.

Wapo walimu wanaopinga mwelekeo huu, na hoja yao nzito kuliko zote ni usawa. Mwalimu wa Diani akikubali kukamilisha mraba na mwenzake wa Kinango akakataa, watoto wawili wenye kazi moja watapata maksi tofauti. Ni kweli, na ndiyo sababu sikubali uamuzi wa njia mbadala ubaki siri ya kalamu ya mtu mmoja. Katika usahihishaji wa KCSE, watahini hufanya kazi kwa makundi yenye viongozi, na kabla ya kuanza hukutana kuupitia mwongozo pamoja. Swali lenye utata lina pa kupelekwa. Mtihani wa majaribio mara nyingi hukosa hatua hiyo, ingawa haihitaji fedha nyingi. Walimu wachache wa kaunti ndogo wanaweza kusoma karatasi kadhaa kutoka shule tofauti kabla ya wengine kuanza, wakaandika njia zilizojitokeza na mgawanyo wa maksi zake, kisha wakautuma mwongozo uliopanuliwa kwa shule zote. Njia mpya ikigunduliwa katikati ya kazi, aliyeigundua awaarifu wenzake, na karatasi zilizokwisha kusahihishwa zirudiwe kwa swali hilo. Kurudia huko kunachosha. Pia ndiko kunakouleta usawa wanaoudai.

Jambo hili limekuwa zito zaidi sasa. Katika tathmini ya KJSEA ya Gredi ya 9, iliyofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2025, asilimia 20 ya matokeo ya mwanafunzi ilitokana na tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8. Hesabu iliyosahihishwa na mwalimu wake mwenyewe, bila kikao cha watahini, imeingia katika matokeo yanayotumika kumpangia shule ya upili.

Kuna mahali ambapo njia mbadala haidai maksi kamili. Swali likimtaka mtahiniwa atumie difarensheni, au matriksi, au jibu la sehemu iliyotangulia, basi njia hiyo ndiyo inayopimwa, na aliyepita kwingine hajajibu alichoulizwa. Hapo simlaumu mwalimu anayenyima M. Lakini sharti hilo liandikwe katika swali, mahali mtoto anapoweza kulisoma akiwa na kalamu mkononi. Likiwa limeandikwa ndani ya mwongozo peke yake, mtahiniwa hakuwahi kuambiwa, na mtungaji hana haki ya kumdai.